"Mimi ni Mwenyekiti, na Sina Ufunguo": Kiongozi wa Kikundi cha Akiba Kikoneni Ajitambulisha kwa Maafisa wa Mikopo

Maafisa wa mikopo kutoka shirika mshirika walifika Kikoneni, wadi ya Pongwe/Kikoneni, kukutana na kikundi cha akiba cha wanawake 25. Walitaka kujua kama kikundi kinaweza kukopeshwa ili kinunue viti na matenti ya kukodisha kwenye harusi na matanga. Kama ilivyo ada, mwenyekiti alipewa nafasi ya kwanza kuwakaribisha na kujitambulisha. Yafuatayo ndiyo aliyoyasema, kwa idhini yake na ya wanachama.

Mwenyekiti aliwasalimu wageni kwa "Asalaam aleikum", akawaita wanachama wenzake "mama zangu na dada zangu", kisha akawaambia maafisa wakae karibu na meza ili waone sanduku vizuri. Sanduku hilo la chuma lina kufuli tatu.

"Wageni wetu, karibuni Kikoneni. Mimi ni mke na mama wa watoto wanne. Nalima mahindi na muhogo, nasuka makuti, na asubuhi nauza mahamri. Hapa ni mwenyekiti, lakini sina ufunguo hata mmoja wa sanduku hili. Wenye funguo ni wale watatu waliokaa nyuma, na hakuna hata mmoja wao aliye katika kamati. Mweka sanduku analala nalo nyumbani kwake, naye pia hana ufunguo. Kwa hivyo mkinipigia simu usiku mkaniambia nitoe pesa, hata nikitaka sitaweza."

Aliwaeleza kwamba alianza na hilo kwa makusudi, kwa sababu maafisa wengi huja wakimtafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye na kumpa kalamu atie sahihi. Katika kikundi chao sahihi ya mwenyekiti peke yake haina nguvu. Mkopo wowote kutoka nje husomwa mbele ya wanachama wote, wakaenda nao nyumbani wiki moja, kisha wakaupigia kura katika mkutano unaofuata.

Mtindo huu wa sanduku na kufuli tatu haukuanzia Pwani. Ulianza mwaka wa 1991 huko Maradi, nchini Nijeri, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, na tangu hapo umeenea katika nchi nyingi za Afrika. Kikoneni wanachama hukutana kila wiki. Hisa moja ni shilingi 100, na mtu anaruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kwa mkutano. Kwa wastani kila mmoja hununua mbili, kwa hivyo sanduku hupokea karibu shilingi 5,000 kwa wiki. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake na kulipa ndani ya miezi mitatu. Mkopo wa sanduku hauna nyongeza, kwa sababu wanachama walikubaliana tangu mwanzo kwamba hawatatozana riba. Mwaka huanza Januari, na mwisho wake kila mtu hurudishiwa akiba yake.

Baada ya kueleza hayo, mwenyekiti alisema kwamba kujitambulisha kwake hakujakamilika mpaka aseme kosa alilolifanya.

"Kabla yenu walikuja wakopeshaji wengine. Sitawataja jina, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Ilikuwa mwezi wa Machi. Sandukuni tulikuwa na kama 50,000, nao wakatupa 200,000. Hiyo ni mara nne ya akiba yetu. Tukafurahi. Walichukua watu kumi, kila mmoja 20,000, alipe 24,000 kwa miezi kumi. Wenzetu wengine walikataa kwa sababu ya riba, nasi tukawaona kama waoga."

Alifafanua kwamba kila mkopaji alipaswa kutoa shilingi 2,400 kwa mwezi kuanzia Aprili, na wote kumi kwa pamoja 24,000. Wakati huohuo kikundi kizima cha watu 25 kilikuwa kikiweka karibu shilingi 20,000 kwa mwezi. Watu kumi walikuwa wakitoa nje pesa nyingi kuliko zile ambazo watu wote walikuwa wakiweka ndani. "Hesabu hiyo tungeifanya kwa kijiti mchangani, na hatukuifanya," alisema.

Tatizo la pili lilikuwa majira. Aprili, Mei na Juni ni miezi ya masika. Mahindi yako shambani, wanunuzi ni wachache na barabara zina matope. Mapato ya mahindi huja baada ya kuvuna, mwezi wa Agosti, na korosho huanza kuanguka kuelekea mwisho wa mwaka. Marejesho ya kwanza yalidaiwa wakati pesa zote za nyumba zilikuwa zimefukiwa ardhini.

Hata hivyo hakuna mkopaji aliyechelewa hata siku moja. Kila mwezi shilingi 24,000 zilifika kwa mkopeshaji kamili, na kwenye vitabu vyake kikundi cha Kikoneni kilionekana kuwa mteja bora. Kufikia mwisho wa Juni mkopeshaji huyo alikuwa tayari kuwaongezea mkopo.

"Siku hiyohiyo katibu wetu alisoma daftari la mikopo ya sanduku kwa sauti, jina kwa jina. Akasoma 2,400. Akasoma 2,400 tena. Majina sita, kiasi kilekile, wiki ileile ya mwezi, miezi mitatu mfululizo. Watu sita walikuwa wakikopa sandukuni ili wakalipe nje. Jina la tatu katika orodha ile lilikuwa langu."

Mwenyekiti alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Aliwaambia maafisa kwamba kanuni za kikundi hazimruhusu mtu kupewa mkopo wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza. Kamati ililegeza kanuni hiyo kwa sababu kila mmoja alisema ni kwa wiki moja tu, na yeye mwenyekiti, aliyepaswa kukataa, alikuwa miongoni mwa waombaji. Jumla ya pesa zilizotoka kwa njia hiyo zilikuwa shilingi 43,200, zaidi ya thuluthi moja ya akiba yote ya wakati huo. Walioumia ni wale waliokataa mkopo wa nje. Mmoja wao alitaka kukopa kwa ajili ya karo, akaambiwa sanduku halina kitu.

"Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini sisi matanga tuliwapelekea watu ambao hata harusini hawakuja," alisema.

Wanachama walimvua uenyekiti siku hiyo hadi mwisho wa mwaka. Mikopo mipya ya sanduku ilisimamishwa kwa wote sita. Watano walirudisha pesa kati ya Agosti na Novemba, baada ya kuuza mahindi, makuti na kuku. Deni la wa sita lilikatwa katika akiba yake wakati wa mgao. Mkopeshaji wa nje alimaliziwa pesa zake Januari, na mkopo mkubwa zaidi aliotaka kuwapa ukakataliwa. Katika uchaguzi uliofuata mwanamke huyo alirudishwa kwenye kiti. Alipouliza sababu, mzee mmoja wa kikundi alimjibu kwamba sasa wanajua yeye analijua shimo liko wapi.

Kisha akawaeleza maafisa mambo matatu ambayo wanachama wamekubaliana kuyaomba kabla ya kuzungumzia mkopo wowote.

La kwanza ni kiasi. Mkopo wa nje usizidi akiba iliyomo sandukuni siku ya kutia sahihi. Mwaka uliopita kikundi kilifunga hesabu kikiwa na shilingi 240,000. Aliwaomba maafisa wasipime nguvu ya kikundi kwa idadi ya wanachama au kwa makofi watakayopigiwa, bali kwa hesabu hiyo.

La pili ni majira. Miezi ya masika, Aprili hadi Julai, marejesho yawe madogo au yasiwepo, na sehemu kubwa ilipwe kuanzia Septemba. Kuhusu viti na matenti, alisema biashara hiyo nayo ina msimu wake: harusi hupungua sana mwezi wa Ramadhani, kisha huongezeka baada ya Idi na wakati shule zimefungwa. Ratiba ya marejesho ifuate kalenda hiyo.

La tatu ni namna ya mkopo wenyewe. Wanachama hawataki pesa taslimu yenye riba. Wanaomba shirika linunue viti na matenti, vitu hivyo viwe mali ya shirika kwanza, kisha liwauzie kikundi kwa bei inayojulikana, faida yake ikiwemo, walipe kidogo kidogo. Bei ikishakubaliwa isipande hata wakichelewa.

"Hiyo inaitwa murabaha, na najua baadhi yenu mnayo. Lakini mkitupa pesa mkononi tukanunue wenyewe, halafu mkaandika murabaha kwenye karatasi, hiyo itakuwa ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu. Tutawaomba risiti ya muuzaji yenye jina la shirika lenu, si jina letu."

Mmoja wa maafisa, kijana, alimuuliza: "Mama, sasa sisi tutajuaje kama mnalemewa, ikiwa mara ile mlilipa kila mwezi bila kuchelewa?"

"Mwanangu, hilo ndilo swali," mwenyekiti alimjibu. "Usiangalie kitabu chako peke yake. Kitabu chako kitakwambia pesa zimefika, hakitakwambia zimetoka wapi. Njoo siku ya mkutano, uombe daftari letu la mikopo, utazame wiki ya marejesho yako. Ukiona mikopo ya sanduku inaongezeka wiki hiyo, tena kwa kiasi kinacholingana na marejesho, basi tunakulipa kwa pesa za watu wengine. Tazama pia daftari la hisa. Mtu aliyekuwa akinunua hisa tatu akashuka hadi moja tangu achukue mkopo, muulize."

Maafisa waliomba kuona daftari hizo, na katibu akazifungua mezani. Hakuna sahihi iliyotiwa siku hiyo. Shirika litarudi na bei ya viti na matenti na pendekezo la ratiba, wanachama wayasome kwa wiki moja kabla ya kura.

Mwishoni mwenyekiti aliwaita wenye funguo. Wanawake watatu walisogea mbele, kila mmoja akafungua kufuli yake, na pesa za wiki zikahesabiwa kwa sauti mbele ya wageni: shilingi 5,300. Katibu aliandika, wanachama wakarudia kiasi hicho kwa pamoja ili kila mtu akikumbuke wiki ijayo, na sanduku likafungwa.

Wakaazi wanaotaka kusajili vikundi vyao chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 wafike katika ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nao, wakiwa na katiba ya kikundi na orodha ya wanachama.