Bei ya Moshi: Kodi, Soko la Vibali, na Insafu ya Mzigo



Nimealikwa kusema juu ya bei ya hewa ya ukaa, yaani malipo anayotozwa mwenye kuchoma makaa ya mawe, petroli au gesi kwa ajili ya madhara ambayo moshi wake huyaleta duniani. Na kwa kuwa wataalamu wamekwisha bishana kwa miaka mingi kama malipo hayo yafaa yawe kodi au yawe biashara ya vibali, naomba ruhusa yenu niuangalie ubishi huo kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa insafu: nani hubeba mzigo, nani hupata faida, na kwa dalili gani tutajua.

Asili ya shauri lenyewe ni ya zamani. Mwaka 1920 Arthur Pigou, mwalimu wa Cambridge, alieleza kwamba mtu atendaye jambo linalomdhuru mwingine bila ya kulilipia hulitenda kupita kadiri, na kwamba kodi iliyo sawa na madhara hayo humrudisha kwenye kadiri yake. Mwaka 1968 John Dales, mwalimu wa Toronto, akaonyesha njia ya pili: serikali na iweke kikomo cha uchafu, itoe vibali kwa hesabu ya kikomo hicho, kisha iwaache wenye vibali wauziane wapendavyo.

Tuchukue viwanda viwili tuone jinsi njia hizi zinavyofanya kazi. Tuseme cha kwanza chaweza kupunguza tani moja ya hewa ya ukaa kwa gharama ya yuro 10, na cha pili hakiwezi ila kwa yuro 40. Serikali ikitoza kodi ya yuro 25 kwa kila tani, mwenye kiwanda cha kwanza ataona heri apunguze kuliko alipe, na wa pili ataona heri alipe kuliko apunguze. Serikali ikitoa vibali badala ya kodi, na bei ya kibali sokoni ikawa yuro 25, wa kwanza atapunguza na kuuza kibali chake, na wa pili atakinunua. Kazi imefanywa na yule yule, mahali pale pale, kwa gharama ile ile. Tafauti iliyobaki ni ya yakini: kodi huipa nchi yakini ya bei na kuiacha katika shaka juu ya wingi wa moshi, na vibali huipa yakini ya wingi na kuiacha katika shaka juu ya bei. Martin Weitzman aliipima tafauti hiyo mwaka 1974 kwa hesabu ambayo mpaka leo haijatanguka.

Lakini angalieni kwamba katika mfano wetu hatukusema kitu juu ya fedha zenyewe. Kodi ile ya yuro 25 imeingia hazina. Kisha ikaenda wapi? Kibali kile kilichouzwa kwa yuro 25 kilitoka mikononi mwa nani, na yeye alikipata kwa thamani gani? Insafu ya mpango mzima imo katika maswali haya mawili, wala haimo katika jina la kodi au la soko.

Umoja wa Ulaya ulianza soko lake la vibali Januari 2005, likakusanya mitambo ya umeme na viwanda vikubwa zaidi ya elfu kumi. Katika kipindi cha kwanza, kilichokwisha mwaka 2007, sheria iliziamuru serikali zigawe bure si chini ya asilimia 95 ya vibali. Hoja ilikuwa kwamba wenye viwanda wasistushwe, na kwamba mwenye kupewa bure hatakuwa na sababu ya kumpandishia bei mnunuzi.

Hoja hiyo ilikuwa na kasoro, na yafaa tuitazame kwa karibu. Mtambo wa makaa ya mawe hutoa kama tani moja ya hewa ya ukaa kwa kila megawati-saa moja ya umeme. Mwenye mtambo akizalisha megawati-saa hiyo, hutumia kibali kimoja. Asipoizalisha, kibali hubaki mkononi mwake, naye aweza kukiuza sokoni, tuseme kwa yuro 20. Kwa hiyo kila anapowasha mtambo huacha yuro 20 ambazo angezipata kwa kuuzima, na mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu huzidai yuro hizo katika bei ya umeme, hata kama kibali hakikumgharimu hata senti. Ndivyo ilivyotokea. Katika Ujerumani na Uholanzi, uchunguzi wa bei za umeme za miaka ile ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya thamani ya vibali, baina ya asilimia 60 na 100, ilikuwa imetiwa ndani ya bei.

Nyumba inayotumia megawati-saa tatu kwa mwaka, umeme ukipanda kwa yuro 20 kamili kwa megawati-saa, hulipa yuro 60 zaidi. Kwa tajiri yuro 60 ni kitu kidogo. Kwa mjane anayeishi kwa malipo ya uzeeni zaonekana mara moja katika matumizi ya mwezi. Nazo haziendi hazina, ambako zingeweza kurudishwa kwake kwa njia nyingine, bali zaenda kwa wenye hisa za makampuni ya umeme. Hata wenye mitambo ya maji na ya nyuklia, wasiotoa moshi wala wasiohitaji kibali, waliuza umeme wao kwa bei ile ile iliyopanda. Tangu mwaka 2013 mitambo ya umeme, isipokuwa michache katika nchi za mashariki ya Ulaya, imelazimishwa kununua vibali vyake, aghalabu mnadani, na fedha za mnada huingia katika hazina za serikali. Bei ya umeme kwa mlaji haikuwa na haja ya kubadilika kwa sababu ya mnada huo. Kilichobadilika ni mfuko ulioipokea thamani.

Soko lile lilionyesha pia udhaifu wa bei isiyo na yakini. Aprili 2006, hesabu za moshi zilipotangazwa na ikadhihirika kwamba vibali vilivyogawiwa vilizidi moshi uliotolewa, bei iliyokuwa imekaribia yuro 30 ilianguka ikawa kama nusu kwa siku chache tu. Na kwa kuwa vibali vya kipindi cha kwanza havikuruhusiwa kuwekwa akiba kwa kipindi cha pili, mwishoni mwa 2007 kibali kilikuwa na thamani ya senti chache.

Sasa tuelekee upande wa kodi. Jimbo la British Columbia, magharibi ya Kanada, lilianza kutoza kodi ya kaboni tarehe 1 Julai 2008, kwa dola 10 za Kanada kwa tani, ikaongezwa dola 5 kila mwaka mpaka ikafika 30 mwaka 2012. Sheria iliamuru mapato yote yarudishwe kwa raia na wenye biashara kwa kupunguza kodi nyingine na kwa ruzuku ya wenye kipato kidogo; na kabla kodi haijaanza, kila mkazi alipewa dola 100.

Tuipime insafu yake kwa nyumba moja ya mfano, yenye wazazi wawili na watoto wawili, inayotumia lita 2,000 za petroli na mita za ujazo 2,000 za gesi kwa mwaka. Kodi ilipokuwa dola 30, petroli ilitozwa senti 6.67 kwa lita na gesi senti 5.7 kwa mita. Jumla yake ni kama dola 247. Nyumba hiyo, ikiwa ni ya kipato kidogo, ilipata ruzuku ya dola 115.50 kwa kila mzazi na 34.50 kwa kila mtoto, yaani dola 300, ikabakiwa na dola 53. Mtu akiishia hapo atasema kwamba maskini wamehifadhiwa, naye atakuwa amesema kweli. Lakini na arudi nyuma mwaka 2008: kodi ya nyumba ile ile ilikuwa takriban dola 85, na ruzuku ilikuwa dola 100 kwa mzazi na 30 kwa mtoto, jumla 260, hata ziada yake ikapita dola 170. Katika miaka minne kodi iliongezeka mara tatu, na ruzuku haikuongezeka hata kwa sehemu moja ya sita. Hapa pana dalili ambayo mchunguzi hana budi kuitafuta katika kila mpango wa namna hii: je, ruzuku imefungamanishwa kwa sheria na kiwango cha kodi, au imeachwa isimame mahali pamoja huku kodi ikipanda?

Kuna na insafu ya namna ya pili, baina ya watu wa kipato kimoja wenye maisha tafauti. Mkulima wa kaskazini ya jimbo, penye baridi kali na masafa marefu, hulipa kuliko karani wa Vancouver apandaye basi, hata kama mishahara yao ni sawa. Serikali ililikiri jambo hilo baadaye, ikatoa hadi dola 200 kwa mwaka kwa wenye nyumba wa kaskazini na vijijini. Ufaransa haikulikiri kwa wakati wake. Kodi ya kaboni ilikuwa imefika yuro 44.60 kwa tani mwaka 2018, sehemu kubwa ya mapato haikurudi kwa raia, na mwaka ule ule kodi ya utajiri ilikuwa imepunguzwa. Watu wa miji midogo wasioweza kwenda kazini bila ya gari wakatoka barabarani na fulana zao za manjano, na Desemba serikali ikalifuta ongezeko lililokuwa lianze Januari 2019.

Msidhani kwamba kila kodi ya mafuta humwonea maskini kwa namna moja. Penye magari machache, kodi ya petroli humwangukia zaidi mwenye gari. Bali kodi ya mafuta ya taa humwangukia asiye na umeme wala gesi. Kenya ilipotoza shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, kusudio lilikuwa la haki na mzigo ulikuwa wa wapikao kwa jiko la utambi. Hivyo mwenye kutunga kodi ya kaboni katika nchi zetu hana budi kuipima fueli moja moja, wala asitegemee wastani.

Nihitimishe kwa hukumu yangu. Vibali vikiuzwa vyote mnadani na mapato yakirudishwa kwa raia, soko na kodi hulingana kwa insafu. Lakini havilingani kwa kishawishi. Soko hurahisisha zawadi ya siri, kwa kuwa kibali cha bure hakiandikwi katika bajeti kama matumizi, na mlaji haoni katika ankara yake ya umeme kwamba amemlipa mtu kwa kitu alichopewa bure. Kodi huonekana na kila mtu kwenye pampu ya petroli, na kwa hiyo huchukiwa haraka. Soko la Ulaya, pamoja na dhulma ya mwanzo wake, lingali linaendelea. Kodi ya kaboni ya walaji iliyotozwa na serikali ya Kanada, iliyorudisha sehemu kubwa ya mapato yake kwa raia, pamoja na ile ya British Columbia, zilikomeshwa tarehe 1 Aprili 2025, baada ya miaka ambayo wengi waliona walichotozwa na wachache wakajua walichorudishiwa. Hata katika taarifa za benki marejesho hayo ya serikali ya Kanada yalikuwa yakiitwa kwa majina mbalimbali.

Kwa hiyo ningeishauri nchi yoyote ichague chombo kinachofaa uwezo wa watoza kodi wake, kisha iweke masharti mawili ndani ya sheria yenyewe: kibali kisitolewe bure ila kwa kiwanda kinachothibitisha kwamba hakiwezi kuitia thamani yake katika bei; na marejesho kwa raia yapande kwa kadiri ile ile ya kodi, yakitangulia kulipwa kabla ya kodi kuanza kutozwa, kwa jina moja linalojulikana. Sharti la kwanza humlinda maskini na tajiri wa soko, na la pili humlinda na serikali yake mwenyewe.