Shingo, Kiuno na Magoti: Kushona Nguo za Watoto Wadogo

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama washonaji)

Leo tunataka tuongee juu ya nguo ya mtoto wa miaka mitatu hivi, yule wa nasari ambaye hawezi kutulia. Cherehani mnazo na kushona mnajua. Lakini wengi wetu tunachukua nguo ya mtu mzima na kuipunguza, halafu tunasema hii ni ya mtoto. Mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa. Kichwa chake ni kikubwa, shingo ni nyembamba, tumbo limetangulia mbele na kiuno hakionekani. Na hapo ndipo nguo inapokataa.

Tuanze na shingo, kwa sababu ndiyo inayosumbua kuliko zote.

Kuna kikundi kimoja kilipata kazi ya kushona mashati ishirini ya watoto wa nasari, kwa kitambaa cha pamba kisichovutika. Shati lilikuwa la kuvaliwa kupitia kichwani, na shingo walikata sentimita 30 kuzunguka. Likilala mezani linapendeza kabisa! Siku ya kujaribisha, likakwama kwenye masikio na mtoto akapiga kelele. Wakafungua bega moja, wakaweka vifungo. Bado likakwama.

Sasa chukueni tepu tuone kwa nini. Kichwa cha mtoto wa miaka mitatu ni karibu sentimita 50 ukizungusha tepu juu kidogo ya nyusi na nyuma pale kichwa kinapotokeza zaidi. Wengine huzidi, wengine hupungua, kwa hivyo pima. Nguo isiyovutika inataka nafasi ya sentimita 4 juu ya hapo ili ipite bila kusugua masikio. Jumla 54. Shingo yao ilikuwa 30. Bega la mtoto huyu ni fupi, sentimita 8 tu. Ukilipasua, unapata kingo mbili, ya mbele na ya nyuma, yaani 8 na 8, ambayo ni 16. Ongeza kwa 30 unapata 46. Mnaona? Hata kichwa chenyewe hakijafikiwa. Fundi alikuwa hodari, ila hesabu haikufika.

Dawa ilikuwa mbili. Ya kwanza ni kufungua mabega yote mawili: 30 na 16 na 16 tena, ni 62, mtoto anapita bila taabu. Ya pili ni kuacha mabega na kupasua mbele, katikati ya kifua, sentimita 12. Kingo mbili ni 24, na 30, ni 54 kamili. Kikundi kilichagua mbele, na sisi tuliona ni vizuri, kwa sababu mtoto anaona vifungo vyake na anajifunza kujifunga mwenyewe. Cha begani hakioni.

Kuna anayeuliza, si tupanue shingo tu? Panua, lakini kwa kiasi. Ukipanua upande wa mabegani, nguo inateremka na kuacha bega nje, na asubuhi za Julai kule milimani kifua kinapata baridi. Afadhali uchimbe mbele kidogo kuliko kupanua kandoni.

Na zile fulana za mitumba za watoto wachanga, ambazo kipande cha mbele na cha nyuma vinapandana begani bila kifungo chochote? Zinafaa sana. Mtoto akijichafua hadi mgongoni unaishusha nguo kwa miguuni badala ya kuipitisha usoni. Lakini zile ni za kitambaa kinachovutika. Ukikopa mtindo huo kwa pamba ngumu, mabega yatakaa wazi na hayatarudi.

Vifungo vyenyewe sasa. Vya kubonyeza, vile vya dume na jike vinavyolia "ta!", ni rahisi kwa mama mwenye haraka. Shida ni kwamba mtu hafungui kifungo, anavuta nguo. Kitambaa chepesi kikivutwa kinachanika na kifungo kinatoka pamoja na tundu lake. Kwa hivyo usikipige nyundo kwenye kitambaa kimoja. Kunja kingo iwe mbili, na katikati weka utepe wa kitambaa kigumu, hata masalio ya kaki. Ukimaliza, kamata kifungo na kukivuta kwa nguvu, si kwa adabu. Kikilegea, kiondoe. Hii ni lazima, kwa sababu mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni, na kifungo kilichotoka kinaweza kuziba koo. Kwa sababu hiyo hiyo ya usalama, shingoni usiweke kamba ya kufunga. Inaweza kunasa kwenye tawi au mlango na kumkaba.

Kiuno. Kaptura ya lastiki ndiyo mkombozi wa mtoto anayekimbilia choo dakika ya mwisho. Zipu na mshipi vinamchelewesha. Kiuno chake tuseme ni sentimita 50. Lastiki ikizunguka iwe fupi kwa sentimita 5 hivi, yaani 45. Lakini usikate 47 ukapandanisha mbili na kumaliza kazi. Kata 53, pandanisha 8 ndani ya pindo, na uache tundu dogo la kuingilia upande wa ndani bila kulishona. Mtoto akinenepa mama anafumua kidogo, anaachilia, na lastiki inafika hadi 51. Kabla ya kushona mjaribishe mtoto, maana lastiki hazilingani, nyingine ni kali. Vidole vyako viwili vipite chini yake akiwa ameketi, wala si akiwa amesimama, kwa kuwa tumbo hutoka zaidi akiketi. Ukiona jioni mstari mwekundu wenye alama, imebana. Na kitambaa chenyewe kisikatwe kwa kipimo cha kiuno. Lazima kipite matakoni, kwa hivyo kiwe 62 au zaidi. Mwishoni shona mstari mmoja wa kusimama kila ubavu, kupitia lastiki, isijikunje kama kamba.

Mwisho ni magoti. Kiraka cha goti wekeni suruali ikiwa mpya, kabla ya kufunga mshono wa ndani ya mguu, kitambaa kikiwa bado kimelala bapa. Mguu ukishafungwa, cherehani haifiki. Mahali pa kuweka msikisie: chukueni suruali kuukuu ya mtoto wa kimo hicho, mpime kutoka kiunoni hadi pale palipochakaa. Kiraka cha sentimita 12 kwa 15 kinatosha, pembe zikiwa za mviringo, kwa sababu pembe kali huinuka na kunasa. Nyuzi zake zielekee upande mmoja na za suruali. Kifueni kwanza, la sivyo kitarudi baada ya kufuliwa na goti litajikunja. Na kisiwe kigumu kuliko suruali. Wengi huweka dangirizi juu ya pamba nyepesi wakidhani ndiyo nguvu. Kiraka kinabaki kizima, lakini suruali inachanika pembeni mwake, kwenye mstari ule ule wa uzi. Kitambaa kilichobaki mezani baada ya kukata suruali hiyo hiyo ndicho bora, na hakinunuliwi.