Bei ya Ufunguzi Inapokwisha

Msikilizaji, tuseme ulianza kupeleka chakula cha mchana maofisini Kariakoo kwa shilingi 3,000 sahani, bei ya ufunguzi. Sasa unataka ifike 4,000. Kosa kubwa ni mteja kuijua bei mpya akiwa ameshika sahani mkononi.

Wiki mbili kabla, watumie ujumbe wateja wa mwanzo, mmoja mmoja, kabla hujabadilisha bango. Andika hivi: “Dada, bei ya ufunguzi inaisha tarehe 30. Kuanzia tarehe 1 sahani ni 4,000. Kwa kuwa ulituunga mkono tangu mwanzo, wewe utaendelea na 3,000 hadi mwisho wa mwezi ujao. Karibu.”

Basi. Usiombe radhi aya nzima. Mteja ataanza kukutilia shaka. Ila tarehe ya mwisho itaje, maana ukisema “nyinyi bei ileile” bila kikomo, mwaka ujao utakuwa unawapikia kwa hasara.

Na nyama isipungue wiki bei inapopanda. Akikuta vipande viwili badala ya vitatu, atahisi umempandishia mara mbili. Akilalamika, mwonyeshe ujumbe, usibishane.