Usaili wa Kuandikiana: Kinachoombwa Baada ya "Hongera"

Mada hii inaanza na mfano wa kubuni. Mhitimu wa uhasibu jijini Dar es Salaam anapata ujumbe WhatsApp kwamba amechaguliwa kwa usaili. Anaelekezwa Telegram, ambako "ofisa ajira" anamuuliza maswali kwa kuandika tu. Simu haipigwi, sura haionekani. Saa moja baadaye anaambiwa hongera, na barua ya ajira yenye nembo na muhuri inafuata.

Mtindo huu si wa Dar peke yake. Januari 2020 FBI ya Marekani ilionya kuhusu waajiri bandia wanaofanya usaili mtandaoni, wanatoa ajira, kisha wanadai nakala za vitambulisho na taarifa za benki.

Kuandikiana kuna faida kwa tapeli: lafudhi haimuumbui, maswali ananakili, na anaweza kuwasaili watu kadhaa kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, Telegram humruhusu mtumiaji kufuta mazungumzo pande zote mbili. Ushahidi unayeyuka mwombaji akiwa bado anasubiri siku ya kuripoti kazini.

Baada ya barua huja madai, nayo huja kwa ngazi. Kwanza kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, kisha selfi akiwa amekishika. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ole wake aliyeufanya mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri! Picha hizo hazitoshi kusajili laini Tanzania, maana usajili hudai alama za vidole. Lakini zipo huduma za mikopo ya simu zinazomtambua mteja kwa kitambulisho na selfi, na hapo deni huandikwa kwa jina la mwombaji.

Kisha huja benki. Namba ya akaunti peke yake haimpi tapeli njia ya kutoa fedha, na mwajiri wa kweli huihitaji ili alipe mshahara, kwa kawaida baada ya mkataba kusainiwa. Picha ya kadi ya benki ni jambo jingine kabisa. Namba ya mbele, tarehe ya kuisha na tarakimu tatu za nyuma huweza kutosha kununulia vitu mtandaoni. Benki ikidai uthibitisho, tapeli huomba tarakimu zilizoingia kwa SMS, akiziita "namba ya usajili wa mfanyakazi". Mshahara haulipwi kupitia tarakimu hizo. Hakuna mhasibu anayezihitaji.

Aliyekwisha kutuma asianze kwa kugombana na tapeli. Apige picha za mazungumzo kabla hayajafutwa, aiambie benki ifunge kadi, kisha abonyeze *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya tapeli aitume 15040, na taarifa aifikishe polisi siku hiyohiyo.