Mafuta ya Mwili Hayatoki Chooni



Kwenye boksi la chai ya kupunguza tumbo, mbele pamechorwa kiuno chembamba. Nyuma, kwa herufi ndogo, imeandikwa orodha ya majani, na aghalabu mojawapo ni sena. Wazee wa pwani wanayajua majani hayo kwa jina la sanamaki, na tangu zamani huchemshiwa mtu aliyefunga choo. Kilichoongezwa ni picha ya kiuno.

Sanamaki ni dawa kweli, ila kazi yake ni nyingine. Viini vyake hupita kwenye utumbo mwembamba bila kufanya lolote, mpaka vifike utumbo mpana. Huko bakteria huviamsha, utumbo hujikaza, na maji mengi hubaki kwenye choo badala ya kurudi mwilini. Shughuli hiyo huchukua saa 6 hadi 12, ndiyo maana anayekunywa usiku huamshwa alfajiri na tumbo la kuendesha. Lakini chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Ugali na chapati za jana zilishaingia kwenye damu kabla sanamaki haijaanza kazi.

Mbona basi mizani inashuka? Tumchukue, kwa mfano, mama mwenye kilo 84 ambaye mwili wake hutumia kalori 2,000 kwa siku. Siku tatu anashindia juisi ya tikiti, tango na karoti, zenye kalori 800 kwa siku, na usiku anakunywa chai yake. Siku ya nne anapanda mizani: kilo 81. Shoga zake wanapiga vigelegele.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila siku alipungukiwa kalori 1,200, yaani 3,600 kwa siku tatu. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Kwa hiyo, hata kama upungufu wote ungezibwa kwa mafuta matupu, yangemtoka chini ya nusu kilo.

Kilo mbili na nusu zilizobaki hazikuwa mafuta. Ini na misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Mtu asipokula vya kutosha, akiba ndiyo hutangulia kutumika. Ikitumika gramu 400, huondoka na maji ya kilo moja na ushei. Ongeza choo kilichokwisha tumboni na maji yaliyotolewa na sanamaki, na vilevile maji ambayo mwili huyaachia chumvi inapopungua kwenye chakula. Mizani haikudanganya, ilipima maji. Jumamosi akila wali na maharage, akiba inajazwa upya na kilo zinarudi, naye anajilaumu kwamba hana msimamo.

Mafuta yenyewe huenda wapi? Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walifuatilia hesabu ya kemia yake. Katika kilo 10 za mafuta yanayotumika mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni dioksidi, na kilo 1.6 hugeuka maji. Pua ndiyo mlango mkuu. Hata hivyo, kuhema haraka hakusaidii. Mwili huchoma mafuta pale tu unapohitaji nguvu nyingi kuliko ulizopata kwenye chakula.

Na tangawizi, limau, pilipili? Pilipili huongeza joto la mwili kidogo, kiasi ambacho kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kinakifuta. Sumu nazo zina wenyewe: ini na figo huzishughulikia usiku na mchana, bila kungoja juisi.

Yanayotisha zaidi ni yasiyoandikwa kwenye boksi. Dawa ya kupunguza hamu ya kula iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Tangu hapo imekutwa mara nyingi kwenye chai, kahawa na vidonge vinavyouzwa kama vya mitishamba. Chai inayokata njaa kabisa, ikaleta moyo kwenda mbio, kinywa kukauka na usingizi kupotea, iachwe mara moja.

Kuharisha kwa wiki kadhaa nako humaliza potasiamu, madini yanayoongoza mapigo ya moyo. Dalili ni misuli kulegea, kukakamaa kwa miguu na moyo kurukaruka. Anayetumia dawa za presha za kukojosha yumo hatarini zaidi, na mwenye kisukari anayechoma insulini akiacha milo kwa ajili ya juisi, sukari yake inaweza kuyumba vibaya. Msikilizaji uliye katika mojawapo ya makundi hayo, beba boksi lako ukamwonyeshe mfamasia au daktari kabla ya kunywa kikombe kingine.