Jinsi Tunavyolipima Shati la Mwanagenzi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu, Port Reitz



Tumetakiwa na Halmashauri tueleze kwa nini mwaka huu, katika wanagenzi wetu wa ushonaji, wamo waliorudishwa mezani hali mashati yao yalipendeza machoni pa kila aliyeyaona. Baadhi ya wazazi wameona kwamba tumekuwa wagumu. Haki yao ni kujua tulivyopima, nasi haki yetu ni kusikilizwa mpaka mwisho.

Zamani tulipima kwa jicho. Shati lilitundikwa ukutani, wazee watatu walilitazama, kila mmoja akatoa alama katika kumi, na jumla ikawa ndiyo hukumu. Kwa njia hiyo tulimpa cheti kijana ambaye baadaye alishona mashati ya shule kwa majirani zetu wa Chaani na Magongo. Haukwisha muhula mashati yakaanza kurudi, yamefumuka makwapani. Mzazi alilipa mara mbili, kijana alipoteza wateja, na lawama ikatufika sisi tuliotia sahihi. Tulipolichunguza moja la mashati yale tuliona kwamba kosa lake lilikuwa la namna ileile iliyokuwamo katika shati la mtihani. Lilikuwa ndani, nasi hatukuligeuza.

Basi tukaandika orodha. Hatukuitunga kutoka hewani. Viwanda vya nguo hugawa kasoro katika madaraja matatu: zile zinazoifanya nguo isifae kabisa, zile kubwa zinazohitaji kurekebishwa, na zile ndogo zisizomdhuru mvaaji. Tena wanagenzi wetu wanatazamia mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambao huanza na gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Haifai tuwapeleke huko wakiwa wamezoea kusifiwa kwa pasi nzuri.

Kazi tuliyowapa ni moja kwa wote: shati jeupe la shule la mikono mifupi, la mtoto mwenye kifua cha sentimita 76. Shati lililokwisha lapasa kuwa na kifua cha sentimita 92, yaani nafasi ya sentimita 16 ili mtoto apumue na kuinua mikono. Orodha ina maswali sita, na kila swali hujibiwa kwa ndiyo au hapana:

1. Je, kifua, urefu na shingo vimo katika sentimita moja ya kipimo kilichoagizwa?
2. Je, pande mbili zinalingana: ncha za kola, urefu wa mikono, na mbele mbili chini?
3. Je, mshono una hatua 10 hadi 12 katika kila sentimita mbili na nusu, na nyuzi za juu na chini zimekazwa sawasawa?
4. Je, ndani ya mshono kimebaki kitambaa cha sentimita moja, na kingo zimefungwa zisichuruzike nyuzi?
5. Je, vifungo vimeshika, na kila kimoja kinakabili kitundu chake bila kulivuta shati?
6. Je, baada ya kufuliwa na kuanikwa, kabla ya pasi, shati lingali limetulia?

Hatujumlishi alama. Ukijumlisha, pasi nzuri huweza kulipia kwapa bovu, na hilo ndilo lililotuponza. Hapana katika swali la nne huliangusha shati peke yake. Hapana katika mengine hutufanya tuulize kama kasoro yaweza kutengenezwa, na mwanagenzi hupewa saa moja aitengeneze mbele yetu.

Sasa tutawasimulia mashati mawili. Hatutaji majina, kwa kuwa hata sisi wapimaji hatukuyajua siku ile: mashati yalikuwa na namba tu, na wapimaji wawili walipima kila moja mbali mbali, kila mmoja na karatasi yake.

Shati la kwanza lilikuwa zuri kupita yote. Tulililaza mezani, tukafunga vifungo, tukapima kutoka kwapa hadi kwapa: sentimita 46, ambazo zikizidishwa mara mbili ni 92 barabara. Swali la kwanza, ndiyo. Katika swali la pili tuliikunja kola katikati, ncha juu ya ncha. Hazikukutana. Moja ilikuwa sentimita 7, ya pili 6 na nusu. Sisi huruhusu tofauti ya milimita tatu, maana zaidi ya hapo jicho la mtu wa kawaida huiona mvaaji akikukabili. Hata hivyo kola hufumuliwa ikashonwa upya, kwa hiyo tuliandika hapana tukaendelea.

Tulipoligeuza shati ndani nje ndipo ukweli ulipojitokeza. Kwenye mshono wa mkono wa kushoto, nyongeza ya kitambaa ilikuwa sentimita moja begani, lakini kadiri tulivyoteremka kwapani ilipungua mpaka ikawa milimita tatu. Kingo zilikuwa zimefungwa vizuri kwa mashine ya ovaloki, ile iliyo na kisu chake, na kisu kile ndicho kilichokula kitambaa. Tukashika pande mbili za mshono kwa vidole, tukavuta kwa nguvu ya mtoto avaapo shati kwa haraka asubuhi. Mshono ulifunguka ukaonyesha nyuzi kama meno. Tulihesabu hatua zake: 7 tu katika sentimita mbili na nusu.

Hapa mpimaji asiharakishe kuandika kwamba kijana hajui kushona. Kasoro huonekana mahali pamoja na huzaliwa mahali pengine. Tulichukua tepu tukapima mzunguko wa tundu la mkono, kisha ule wa kichwa cha mkono wenyewe. Mkono ulikuwa mkubwa kuliko tundu kwa sentimita tatu na nusu. Katika shati la namna hii yatosha uzidi kwa sentimita moja au zaidi kidogo, nao ziada ile humezwa polepole wakati wa kushona. Kijana alipoona kitambaa kinazidi, alikisukuma kikatokeza kwapani, kisha akakikata chote kilichotokeza, akaongeza urefu wa hatua ili amalize upesi. Kwa hiyo kosa lilizaliwa kwenye meza ya kukatia, wala si kwenye cherehani. Kumwambia ashone kwa uangalifu zaidi kusingemfaa kitu. Alichohitaji ni kufundishwa kupima tundu na kichwa cha mkono kabla ya kutia mkasi.

Shati lile lilifuliwa pia. Lilipokauka, mkanda wa mbele wenye vitundu vya vifungo ulijikunyata kama uso wa mzee. Mikunyato ile ilikuwapo tangu mwanzo, ila pasi iliificha. Tulitazama mshono: uzi wa juu ulilala umenyooka kama waya, na vitanzi vya uzi wa chini vilichungulia juu. Hiyo ni dalili kwamba uzi wa juu ulikazwa mno. Mshono ulio sawa, nyuzi mbili hufungana katikati ya kitambaa, na kila upande hufanana na wenzake. Na iwapo uzi wa chini ndio ulionyooka, na vitanzi viko upande wa chini, basi uzi wa juu umelegea. Mwanagenzi anayezijua dalili hizi hulitambua kosa kwenye kipande cha majaribio kabla hajaligusa shati la mtu.

Kola ilitengenezeka. Mkanda ulitengenezeka. Kwapa halikutengenezeka, maana kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi. Shati lilianguka.

Shati la pili halikumvutia mtu. Pasi ilikuwa hafifu, vipande viwili vya uzi vilining'inia, na mfuko ulikuwa umeinama kwa milimita mbili. Lakini kifua kilikuwa 91 na nusu, ncha za kola zilikutana, hatua za mshono zilikuwa 11, na ndani kote sentimita moja ilibaki, hata kwapani. Tulivuta, hapakufunguka kitu. Lililokosekana ni kifungo cha tatu, ambacho kilicheza kilipovutwa. Tulimrudishia mwenyewe, akakikaza kwa sindano ya mkono, akazungusha uzi chini yake kufanya shina ili tundu lipate nafasi, akafunga fundo upande wa ndani. Hakutumia hata robo saa. Shati lilipofuliwa lilitulia. Kasoro zilizobaki zilikuwa ndogo, tukaziandika ili azijue, lakini hazikumnyima cheti.

Ndugu zetu, karatasi za wapimaji wawili zililinganishwa. Katika hesabu ya hatua mmoja aliandika 11 na mwenzake 12 kwa mshono mmoja, na hilo halikubadili hukumu. Katika kwapa na kola walikubaliana. Walitofautiana sana katika swali la saba lililokuwamo katika orodha yetu ya kwanza, lililouliza kama shati "linapendeza". Mmoja alisema ndiyo, mwingine hapana, na hatukuwa na tepu ya kuwaamulia. Swali hilo tumeliondoa.

Orodha hii ina mipaka yake. Haituambii kama mwanagenzi aweza kumpima mteja mwenye bega moja lililoshuka, kwa maana vipimo tuliwapa sisi. Wala haituambii nani aliyelishona shati, na ndiyo sababu kazi ilifanyika mbele yetu kwa saa zilizowekwa, kitambaa kikiwa kimetiwa alama. Tena kitambaa chenyewe chaweza kumwonea mtu. Kabla ya mtihani tulikata mraba wa sentimita 50, tukaufua na kuuanika. Ulirudi sentimita 48 kwa upande mmoja. Upungufu huo ni sehemu nne katika mia, na kwenye kifua cha 92 ungekula karibu sentimita nne, mwanagenzi akahukumiwa kwa kosa lisilo lake. Hivyo tulikifua kitambaa chote kwanza, ndipo tukakigawa.

Kijana wa shati la kwanza amekwisha kurudi kwa fundi wake. Hakupewa neno "umeshindwa" peke yake. Alipewa karatasi yenye maneno haya: "Pima tundu na kichwa cha mkono kabla ya kukata, legeza uzi wa juu, chora kola kwa kipande kimoja cha kadibodi kilichogeuzwa." Baada ya miezi mitatu atashona tena shati lilelile kwa vipimo vilevile. Karatasi za wote zimehifadhiwa na Katibu, na mzazi yeyote akitaka kuiona ya mwanawe, ataonyeshwa pamoja na shati lenyewe, nasi tutaligeuza ndani nje mbele yake.