Kupanda Mchongoma: Kwa Nini Ujira na Bei Hukawia Kushuka

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa maadhimisho ya miaka kumi ya Chama



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amepata kuliona shambani mwake, ingawa si wengi waliokaa kitako kulitafakari. Jambo lenyewe ni hili: bei ya kahawa katika soko la dunia yaweza kuanguka kwa siku moja, walakini ujira wa kibarua hauanguki, wala bei ya kopo la kahawa dukani haianguki. Mwaka 1989, mwezi wa Julai, mpango wa kugawana mauzo chini ya Mkataba wa Kahawa wa Kimataifa uliposimamishwa, bei ya dunia ilishuka kwa kadiri ya nusu katika muda wa miezi michache. Je, vitu vingine vyote vilishuka pamoja nayo? La, havikushuka.

Watu husema kwamba soko ni kama maji, ukiyamwaga hutafuta usawa wake mara moja. Mimi nasema kwamba bei na ujira hufanana zaidi na mtu aliyepanda mchongoma. Wazee wetu walikwisha kutuambia: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Na bei isipotaka kushuka, kuna kitu kingine ambacho lazima kishuke badala yake. Hicho ndicho nitakachowaonyesha.

Nitaanza na ujira. Bibi Supreet Kaur, mtaalamu wa uchumi, alichunguza ujira wa vibarua wa mashambani katika wilaya zaidi ya 600 za Bara Hindi, tangu mwaka 1956 hata mwaka 2009. Alitazama mvua. Mvua zikiwa njema, kazi huwa nyingi na ujira hupanda. Mwaka wa pili mvua zikirudi hali ya kawaida, mtu angetazamia ujira nao urudi pale ulipokuwa. Haukurudi. Ulibaki juu, na kazi za kuajiriwa zikapungua kwa kadiri ya sehemu 9 katika kila 100. Hata katika miaka ya ukame, ujira wa fedha haukushuka. Na yafaa tukumbuke kwamba hao walikuwa vibarua wa siku kwa siku, ambao huwezi kusema kwamba mikataba mirefu ya kazi ndiyo iliyouzuia ujira usishuke.

Ili tuelewe jinsi kazi inavyopungua, natunga mfano wa mkulima mmoja. Hesabu ni zangu, za kufundishia tu. Mkulima huyu ana kazi ya siku 30 za kibarua. Siku 10 za kwanza ni za kuchuma kahawa mbivu, na kila siku yamletea faida ya shilingi 15,000. Siku 10 za pili ni za palizi, na kila siku yamletea shilingi 9,000. Siku 10 za mwisho ni za kung'oa machipukizi, nazo zamletea shilingi 6,000 kila siku. Ujira ni shilingi 5,000. Basi aajiri siku zote 30, kwa kuwa hata siku ya mwisho yalipa. Vibarua wapata jumla ya shilingi 150,000.

Mwaka unaofuata bei ya kahawa yapanda kwa nusu. Faida ya kila siku nayo yapanda kwa nusu, na ile ya machipukizi yafika shilingi 9,000. Wakulima wote wagombea vibarua, na ujira wapanda hata shilingi 7,000. Bado siku zote 30 zalipa, na vibarua wapata shilingi 210,000. Kila mtu amefurahi.

Mwaka wa tatu bei ya kahawa yarudi pale pale ilipokuwa, na faida zarudi kuwa 15,000, 9,000 na 6,000. Lakini ujira haurudi. Umekaa kwenye 7,000. Sasa mkulima atazama machipukizi yake na kusema, “Nitoe 7,000 nipate 6,000?” Ayaacha. Siku 30 zimekuwa 20, na vibarua wapata shilingi 140,000. Angalieni vema, ndugu zangu: ujira wa siku ni mkubwa kuliko ule wa mwaka wa kwanza, na hata hivyo fedha iliyoingia mifukoni mwa vibarua ni ndogo kuliko ya mwaka ule. Machipukizi nayo yamebaki juu ya miti, na mavuno ya mwaka ujao yataonyesha. Mkulima amepata hasara, na kibarua amepata hasara, ingawa hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Mtaniuliza: kwa nini yule kibarua aliyekaa nyumbani bila kazi asiende kwa mkulima na kusema, “Nipe 5,500, nitafanya”? Jibu limetafutwa katika jimbo la Odisha, huko huko Bara Hindi. Bibi Kaur pamoja na wenzake, Bibi Emily Breza na Bibi Nandita Krishnaswamy, waliwaomba waajiri 183 watoe kazi kwa vibarua 502. Wengine walipewa ujira wa chini ya ule wa kijiji kwa faragha, wengine mbele ya vibarua wenzao. Kwa faragha, baadhi ya watu wasio na kazi walikuwa tayari kukubali. Mbele ya wenzao, walikuwa wachache mno waliothubutu. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi wala barua ya kukataza; palikuwa na macho ya jirani tu. Anayeshusha ujira leo aonekana kuwa amewaharibia wenziwe wote kesho.

Upande wa mwajiri pia una sababu yake. Katika uchunguzi wa Bibi Kaur, wakulima na vibarua wengi walisema kwamba kupunguza ujira si haki, na kwamba kibarua aliyepunguziwa hulegeza mkono. Kila aliyepata kusimamia uchumaji ajua maana yake: matunda mabichi huchanganywa na mabivu, na matawi huvunjwa. Kwa hiyo mkulima aona heri aajiri watu wachache kwa ujira ule ule, kuliko kuajiri wengi walionuna.

Iko njia moja ambayo ujira hupungua bila mtu kuushusha. Tuseme vitu vyote nchini, kahawa na sukari na nguo, vimepanda bei kwa sehemu 20 katika 100. Siku ya machipukizi iliyokuwa na faida ya 6,000 sasa ina faida ya 7,200. Ujira wa 7,000 walipa tena, na zile siku 10 zarudi. Kibarua hakushushiwa kitu, ingawa 7,000 yake sasa yanunua kile kilichonunuliwa na shilingi 5,833 zamani. Bibi Kaur aliona hivyo hivyo: palipokuwa na kupanda kwa bei za vitu, madhara ya ujira usioshuka yalikuwa madogo. Sisemi hivyo ili kusifu ughali wa maisha, maana nao humla mwenye akiba. Nasema ili ijulikane kwamba watu huangalia hesabu ya fedha iliyo mkononi kabla ya kuangalia kile inachonunua.

Sasa tuiandame kahawa yetu hata ng'ambo. Bibi Emi Nakamura na Bwana Dawit Zerom walichunguza bei za kahawa katika Amerika. Waliona kwamba kahawa ghafi ikibadilika bei kwa sehemu 10 katika 100, bei ya dukani hubadilika kwa kadiri ya sehemu 3 tu, tena baada ya mwaka mmoja na nusu. Ule udogo watokana na gharama nyingine zilizo ndani ya kopo, na wafanyabiashara kuongeza au kupunguza faida yao. Lakini ule ukawiaji watokana na gharama ya kubadili bei zenyewe. Gharama hiyo ni ndogo ajabu: haifiki robo ya senti katika kila shilingi ya mauzo, na hata hivyo yatosha kuikawiza bei. Na wanaokawia si wenye maduka. Karibu ukawiaji wote uko kwa wakaangaji wanaowauzia.

Hilo latuhusu hivi. Kahawa inapojaa duniani, anayeweza kuipunguza upesi ni mnywaji, kwa kunywa zaidi. Lakini bei ya kopo lake haijashuka, basi hana sababu ya kuongeza kikombe. Mkulima naye hawezi kupunguza mara moja, maana miti iliyokwisha kupandwa itazaa tu. Kahawa yabaki ghalani, na bei ya mkulima yaendelea kuanguka mpaka chini, kwa kuwa yeye ndiye mwenye bei isiyo na breki.

Namalizia na Chama chetu, kwa sababu sisi nasi ni watunga bei isiyojongea. Tunatangaza malipo ya awali wakati wa kufungua msimu, na tukitangaza tumefungwa. Tuseme tumetangaza shilingi 4,000 kwa kilo, kisha soko likaanguka hata tukabakiwa na 3,500. Wanunuzi binafsi wafunga mifuko yao, na kahawa yote yaja kwetu, hata ya wasio wanachama. Kwa tani 1,000 hasara ni shilingi milioni 500. Soko likipanda, mnunuzi binafsi atoa 5,000 taslimu, kahawa yatukimbia, na kinu chakoboa nusu ya uwezo wake kwa gharama zile zile. Bei yetu haikujongea; kiasi ndicho kilichojongea.

Kwa hiyo twafanya vema kuweka malipo ya awali chini ya kile tunachotazamia, na kumalizia kwa malipo ya pili baada ya mnada. Lakini tukiyaweka chini mno, mwenye shida ya karo atauza kahawa ingali mtini, jambo liitwalo butura kule Kagera, na hapo tumempoteza. Hali kadhalika kwa vibarua: mwaka wa neema, mkulima aweza kuacha ujira wa siku mahali pake, na ile ziada akaitoa kama bahshishi ya kufunga msimu, akieleza wazi mbele ya wote kwamba ni ya mwaka huo. Mwaka mbaya ukija, hatakuwa na ujira wa kushusha. Na kibarua asikubali maneno matupu: bahshishi ihesabiwe kwa debe, kwa kiasi kilichotajwa kabla ya uchumaji kuanza.

Makarani wetu wa vituo nawaachia neno moja. Akitaka mtu kujua kama bei imepitwa na wakati, asiutazame ubao ilipoandikwa, maana ubao hausemi. Na aitazame mizani: foleni ikiwa ndefu kuliko kawaida, bei yetu iko juu ya soko, mizani ikikaa bure, iko chini. Habari hiyo ifike makao makuu siku ile ile.